Sikio Safi Lisilosikia

Filomena alikuwa mkunga, na sikio lake la kazi lilikuwa la kulia. Wakunga wengi wako hivyo. Huchagui, lakini mwili hujizoesha upande mmoja, na tangu masista wa misheni kule Ndanda walipomfundisha kuinama juu ya tumbo la mama mjamzito na kijipembe cha mti, akikandamiza upande mpana tumboni na ule mwembamba sikioni, alikuwa akigeuza uso upande uleule. Kwa sikio hilo amesikiliza matumbo ya wanawake wa Masasi, wa Nachingwea, na hatimaye ya Manzese, ambako mumewe Kasiani alihamia kuchonga mpingo. Alikuwa akisema moyo wa mtoto una mwendo wa saa iliyofungwa ndani ya mto wa kulalia.

Zahanati yenyewe ilikuwa nyuma ya Barabara ya Morogoro, imejengwa kwa nguvu za wananchi siku za Jumamosi. Ilikuwa na vyumba vinne, bati juu, na ukutani mashine ya kusaga ya jirani ikitetemesha chokaa. Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Kagera, sukari ni foleni, sabuni ni foleni, na glovu zinafuliwa na kuanikwa kwenye kamba kama soksi za watoto.

Asubuhi moja Filomena aliamka akaona sikio lake la kulia limejaa. Ndivyo alivyolieleza baadaye, limejaa, kama mtu aliyetoka kuoga baharini. Hakusikia maumivu. Kulikuwa na mlio tu, mwembamba, wa birika lililokaribia kuchemka, na alipoinuka kitandani ukuta ulimsogelea akaushika.

"Mama Adelard, kulikoni?" Kasiani aliuliza.

"Mafua haya. Sikio limeziba."

"Una mafua?"

Alifikiri. Hakuwa na mafua. "Yanakuja," akasema, akajifunga khanga akaenda kuchota maji.

Kazini siku hiyo mama wa kwanza kupanda kitandani alikuwa Siwema, mke wa dereva wa lori, mimba ya miezi minane. Kila mtu pale zahanati alimjua Siwema. Alishazaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto alizaliwa amekwisha kufa. Safari hii alikuwa akija kliniki hata siku asiyopangiwa, anakaa benchi ya mbele, anangoja asikilizwe tumbo, kisha anaondoka na uso uliotulia.

Filomena alimpapasa, akapata mgongo wa mtoto upande wa kushoto, akaweka pembe pale ambapo moyo lazima usikike, akainama.

Kimya.

Akasogeza pembe kidogo. Kimya. Akakandamiza zaidi, akashikilia pumzi. Hakukuwa na kitu isipokuwa ule mlio wa birika. Alisogeza mara ya tatu, akijua kwamba anachelewa kuinuka, na kwamba mama aliyelala chali huhesabu kuchelewa huko kuliko mtu yeyote.

"Mama Filo," Siwema alisema taratibu. "Amekufa?"

Filomena alitoa sikio kwenye pembe. Alipoinua uso, uso wenyewe ulikuwa umeshasema. Siwema alifumba macho, machozi yakamtiririkia masikioni.

Muuguzi kijana, Atuganile, binti wa Tukuyu aliyemaliza mafunzo mwaka uliopita, alikuwa akipanga kadi mezani. Filomena alimwita kwa mkono. Atuganile akainama, akaweka sikio, akakaa hivyo kitambo. Kisha akainuka akitabasamu kwa mshangao.

"Mbona anapiga vizuri, mama? Anakimbia kabisa."

Filomena aliichukua pembe. Akageuka, akaenda upande wa pili wa kitanda, akaweka sikio la kushoto. Moyo ulikuwa pale pale, wazi, kama mtu anayekimbia kwenye mchanga.

"Yuko hai," alimwambia Siwema akimshika kiganja. "Mtoto wako yuko hai. Nisamehe, mwanangu. Ni mie. Sikio langu ndilo lililokufa."

Alisema hivyo kwa mzaha wa kumtuliza mgonjwa. Siwema hakucheka. Alishuka kitandani, na kwa muda mrefu alikaa benchi ya nje kabla ya kuweza kutembea.

Mchana ule Filomena aliingia kwa tabibu wao, Kamugisha. Alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, mwenye kufanya kazi ya watu watatu, na hakuna aliyewahi kumsikia akimfokea mgonjwa. Alimkalisha kwenye stuli, akawasha kitochi cha kuangalia masikio, akachungulia kwa uangalifu.

"Nta hakuna. Usaha hakuna. Ngoma ya sikio inang'aa, nzima," alisema. "Sikio lako safi kuliko langu, Sista."

"Basi mbona halisikii?"

"Kale kamfereji kanakotoka puani kamevimba. Mafua yanakuja au yamepita hukuyaona. Nitakupa matone ya pua na Piritoni. Litafunguka lenyewe. Likichelewa sana, mwezi mmoja."

"Na kizunguzungu?"

"Chanzo ni hicho hicho."

Filomena alipumua. Sikio safi, ngoma nzima, litafunguka. Alikuwa amengoja kuambiwa hivyo, akaambiwa.

Kasiani ndiye ambaye hakuridhika. Jioni alikuwa akisugua kinyago kwa msasa uani, akamwita mkewe mara mbili kutoka upande wa kulia. Filomena aligeuka kushoto, akatazama mlangoni kwa jirani.

"Niko huku," Kasiani alisema.

Filomena akageuka. Kasiani aliweka msasa chini.

"Nenda hospitali kuu. Kuna daktari wa masikio kule, watu wanamsema."

"Nikafanye nini? Dakta Kamugisha ameshaliangalia. Ni safi."

"Kama ni safi na halisikii, basi hilo tatizo yeye hawezi kuliona."

"Baba Adelard, kule ni kuamka alfajiri, kupanga foleni siku nzima, na kesho yake tena. Nikitoka mie, atazalisha nani? Atuganile peke yake? Tena nikamwambie daktari nini, sikio limeziba? Watu wanakuja pale wamekatwa koo na saratani."

Kasiani hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliokota msasa wake.

Jirani alileta mafuta ya nazi yaliyopashwa moto na karafuu. Filomena aliyakataa, akijua kwamba sikio lisilo na nta halizibuliwi kwa mafuta, kisha usiku wa tatu akayatia, kwa sababu birika lilikuwa bado linalia na alikuwa amechoka. Hayakusaidia. Wiki ya kwanza ikaisha. Kizunguzungu kilipungua, akalichukulia hilo kuwa dalili ya kupona. Wiki ya pili, ya tatu. Aliacha kumwambia mtu. Akiulizwa husema, "Linafunguka kidogo kidogo," na wakati mwingine, akiwa peke yake, alikuwa akisugua vidole karibu na sikio lile kupima, na hasikii hata mkwaruzo.

Kazi aliiendesha kwa sikio la kushoto. Katika chumba kimya lilitosha. Lakini chumba kilikuwa kimya lini? Mashine ya kusaga ikiwashwa, sauti zote ziliingia kwa mlango mmoja zikisukumana, ya mgonjwa, ya injini, ya watoto wa benchi ya nje, na hakuweza tena kuitenga moja na nyingine. Alikuwa akisikia kwamba ameitwa lakini hajui ameitwa na nani, wala kutoka wapi. Akazoea kuzungusha kichwa chumba kizima kabla ya kuitika. Atuganile aliona. Mara moja alisema, "Mama, si ungeenda tu?" Filomena akamjibu kwamba ataenda mambo yakipungua. Hayakupungua.

Siwema alijifungua wiki ya saba, mchana, mashine ikisaga. Alizaa mtoto wa kiume, mzima, mwenye hasira, aliyelia kabla hata mabega hayajatoka. Filomena alimkata kitovu akamlaza kifuani kwa mama yake. Kondo la nyuma likatoka lote, akalikagua vipande vyote, akapapasa tumbo, kizazi kimejikaza kama ngumi. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Alimfunika Siwema kwa khanga, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, alimwona anacheka.

Kitanda cha pili, hatua chache tu, palikuwa na mama mwingine mwenye uchungu. Atuganile alikuwa ametoka kwenda kuchemsha vyombo. Filomena alienda kitanda kile, akainama juu ya tumbo, akaweka pembe kwenye sikio la kushoto, la pekee alilobaki nalo. Ili kulitumia ilibidi akipe chumba upande wa kulia na amgeuzie Siwema kisogo.

Mkunga mwenye masikio mawili akiinama hivyo, sikio moja liko kwa mtoto aliye tumboni na la pili liko chumbani. Halijui kwamba linafanya kazi, lakini linafanya. Filomena alipoziba la kushoto kwa pembe, chumba chote kilizimika. Moyo wa yule mtoto ulikuwa na mashaka kidogo, unapungua uchungu unapokuja, kwa hiyo alisikiliza uchungu ule wote hadi ulipoisha, kisha akangoja mwingine ili ahakikishe.

Nyuma yake Siwema alikuwa akiita. Alieleza mwenyewe baadaye. Alisikia joto likimwagika chini yake, halafu baridi, halafu chumba kikawa mbali. Alimwita Mama Filo. Akamwita tena. Hakuwa na nguvu ya kupaza sauti. Alimwona yule mwanamke aliyemwamini kuliko wote ameinama pale, mgongo wake umetulia, haugeuki, naye akadhani anamsikia na anasema ngoja.

Atuganile ndiye aliyeingia na sufuria la vyombo na kuliachia sakafuni.

Ule mshindo Filomena aliusikia. Alipoinuka, damu ilikuwa imepita godoro na inafika kwenye saruji. Mtoto bado yuko kifuani, na mkono wa mama uliomshika umeanguka pembeni.

Waliyafanya yote waliyofundishwa. Filomena alisugua tumbo kwa nguvu zake zote, maana kizazi kilikuwa kimelegea kama unga wa mkate uliokandwa. Atuganile alichoma sindano ya egometrini ya kukaza kizazi, akatundika chupa ya maji ya chumvi. Kamugisha alikuja akakunja ngumi akabana kizazi ndani na nje kwa mikono miwili. Damu ikapungua, ikarudi, ikapungua. Mtu alitumwa duka la ushirika, pikapu yao ikaja, wakamlaza Siwema nyuma juu ya godoro, Atuganile akabaki na mtoto na yule mama wa kitanda cha pili, Filomena akapiga magoti ubavuni mwake akiendelea kukandamiza, njia nzima hadi hospitali kuu, na vumbi la Manzese likiwaingia machoni.

Siwema hakufa. Ndugu watatu walitoa damu na madaktari wakamwokoa. Lakini damu haikukatika hadi walipomtoa kizazi.

Filomena alikaa kwenye korido ya upasuaji, gauni lake limekauka na kuwa gumu. Muuguzi mmoja mtu mzima alitoka mlangoni akamwita. Akamwita tena. Akaja akamgusa bega la kulia, Filomena akaruka kama aliyeunguzwa.

"Nimekuita hapa hapa, ndugu yangu. Husikii?"

"Upande huo sisikii."

"Tangu lini?"

Alipomwambia, yule muuguzi alitafuta karatasi. Kisha akamwandikia pa kwenda asubuhi yake, akamwelekeza mlango wa nyuma ili asipange foleni ya mapokezi.

Daktari wa masikio aliitwa Elinaza. Alikuwa Mpare mwenye mvi za mapema. Alichungulia sikio la kulia muda mfupi tu, kama mtu asiyetarajia kukuta kitu. Akatoa chuma chenye ncha mbili, umbo la uma, akakigonga kwenye goti lake kikavuma, akakisimamisha katikati ya paji la uso la Filomena.

"Unakisikia wapi?"

"Kushoto."

"Una hakika? Si katikati?"

"Kushoto tupu."

Daktari alikizima kwa kiganja. Akachukua karatasi, akaisugua juu ya sikio la kushoto ili lishughulike, na huku akasema maneno karibu na la kulia, kwanza taratibu, kisha kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara. Filomena aliona midomo tu. Wakampeleka kwenye chumba kidogo chenye kuta nene, wakamvika vidude vya masikioni, wakamwambia abonyeze kitufe kila asikiapo mlio. Kwa sikio la kulia alikaa na kidole juu ya kitufe, akingoja, mpaka wakamfungulia mlango.

"Sikio lililozibwa, kwa nta au kwa mafua, chuma kikigusa paji la uso sauti huhamia upande ule ule uliozibwa," Elinaza alisema. "Ziba sikio moja kwa kidole halafu uvume mdomo umefunga, utaona. Lako sauti imelikimbia, imeenda kwa zima. Maana yake njia iko wazi ila kilichokufa kiko ndani, kwenye mshipa wa fahamu au pale unapoanzia."

"Tabibu aliliangalia. Alisema ni safi."

"Alisema kweli. Ni safi. Na ndiyo maana alipaswa kukuleta siku ile ile. Sikio lenye usaha tunaweza kulingoja kidogo. Sikio lisilo na kitu, na jana lilisikia na leo halisikii, hilo halingojwi."

Alimuuliza kama aliwahi kuchomwa sindano za kifua kikuu, kama alikunywa kwinini nyingi, kama aligongwa kichwa. Hapana, hapana. Alisema atampima damu na kumpiga picha ya fuvu, kwa kuwa mara chache huwa kuna uvimbe kwenye mshipa wenyewe. Lakini mara nyingi, alisema, chanzo hakipatikani.

"Dawa ipo?"

Elinaza alikaa. "Kuna vidonge, prednisoloni. Tunaanza navyo mapema, siku za mwanzo, mwisho wiki mbili hivi. Sitakudanganya, si kila anayevipata anapona, na wapo wanaopona bila hata kidonge. Pengine hata ungekuja siku ya pili lingebaki hivi. Lakini ungekuwa na nafasi."

"Na sasa?"

"Sasa mwezi na nusu umepita. Nikikupa nitakupa madhara yake tu."

Filomena alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Alikuwa amewapa watu habari za namna hii miaka mingi, na alishangaa jinsi maneno yanavyokuwa madogo ukiyapokea wewe.

Aliporudi zahanati alikwenda moja kwa moja kwa Kamugisha akamweleza yote, la chuma na la vidonge na la siku za mwanzo. Hakulaumu. Kamugisha alisikiliza akiwa amesimama, halafu akavua miwani.

"Nilikuwa na wagonjwa wengi nje," alisema. Kisha, "Hapana. Nilidhani najua."

"Mie nilitaka udhani hivyo, Dakta. Nami nina macho na akili. Mume wangu aliniambia, binti mdogo yule akaniambia. Siwema angekuwa bado na kizazi chake leo kama ningesikia."

Kamugisha akavaa miwani yake, Filomena akarudi kazini.

Miezi ikapita. Siku moja fundi muashi, Mwishehe, alikuja akicheka kwamba sikio lake moja limegoma tangu jana, anadhani mdudu kaingia. Filomena alikuwa dirishani akimwona Kamugisha akichungulia kwa kitochi, akiwasha na kuzima, akichungulia tena. Kisha tabibu akamwambia avume mdomo umefungwa. "Unasikia upande upi?" Fundi akaonyesha upande mzima. Kamugisha hakuandika Piritoni. Alifunga chumba chake, akatoka na fundi yule hadi barabarani, akamsimamishia gari la kwenda hospitali kuu yeye mwenyewe, huku fundi akilalamika kwamba ana ukuta wa kumalizia. Fundi alirudi baada ya wiki kadhaa, sikio limerejea kiasi, si lote. Aliweza kuisikia saa ya mkononi akiiegesha karibu. Watu walifurahi. Filomena alimpa mkono, akasema alhamdulillahi kama alivyosema fundi mwenyewe, kisha akaenda nyuma ya jengo ambako glovu zilikuwa zimeanikwa, akakaa huko mpaka Atuganile alipokuja kumtafuta.

Uzalishaji aliuacha mwenyewe, bila kungoja kuambiwa. Atuganile akashika chumba kile na mwenzake mpya kutoka chuoni. Filomena akahamia kwenye mzani wa watoto na chanjo, kazi ya mchana wazi, ambapo kila anayekuja yuko mbele ya macho. Vipimo vya hospitali kuu havikuonyesha chanzo, na birika halikuacha kulia. Alijifunza kulala nalo.

Siwema alimleta mwanawe kupimwa. Mara za kwanza alimtuma shemeji yake. Kisha siku moja akaja mwenyewe, amekonda, akamning'iniza mtoto kwenye mzani bila salamu. Filomena alisoma uzito, akaandika.

"Shikamoo," Siwema alisema mwishowe.

"Marahaba, mwanangu."

"Nilikuwa nakuita siku ile."

"Najua."

"Nilidhani unanisikia. Nilidhani umenipuuza. Miezi yote hii nalala na hilo."

"Sikukusikia. Upande ule sikuwa na kitu. Nilijua kwamba sina kitu, nikaendelea kufanya kazi."

Siwema alimtoa mtoto mzanini, akamfunga mgongoni, akikaza khanga polepole. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na huyu ndiye mtoto wake wa kwanza aliye hai, na wa mwisho.

"Litapona?" aliuliza.

"Halitapona."

Siwema alisimama kitambo, kama mwenye neno jingine. Mashine ya kusaga ikawashwa upande wa pili wa ukuta. Midomo yake ilisogea, alisema kitu, kifupi, kisha akageuka akaondoka na mtoto wake. Filomena hakulipata neno lile. Alitaka kumwita arudi aliseme tena, akaona hana haki ya kumtaka mtu huyu arudie kitu. Akamwita mama aliyefuata.